Walimu wenzangu: nimekuta vijana wa S.3 wanabeti kwenye prepu, na kesho dipyuti anataka kuwasimamisha paredi

Ticha_Arua · Jumanne, saa 3:40 usiku

Habari za usiku. Nafundisha Kiswahili hapa Arua, shule yenye bweni na ya kutwa pamoja. Leo zamu ya prepu ilikuwa yangu. Nyuma ya darasa la S.3 vijana watatu walikuwa wamejifunika sweta moja kichwani, nikadhani ni zile picha chafu. Nilipofika wakatawanyika, simu ya tachi yenye kioo kilichopasuka ikabaki kwenye dawati, na chini yake daftari la Kiswahili la mmoja wao, nitamwita M.

Insha yake ya juzi ina mistari sita. Ukurasa wa mwisho wa daftari umejaa hadi pembeni: vifupi vya majina, mbele ya kila jina 500 au 1,000, halafu alama kama `GG`, `1X`, `ov2.5`. Majina kumi na moja nimeyahesabu, mawili ya wasichana.

Simu nimeipeleka kwa dipyuti kwa sababu ndivyo sheria ya shule inavyosema. Daftari ninalo bado, ila nilimwonyesha. Amesema kesho asubuhi vijana wasimame mbele ya shule nzima na ukurasa ule usomwe, ili wengine wajifunze. Si mtu mbaya, amechoka tu. Lakini M. aliponiangalia sikuona uso wa mtoto aliyekamatwa na simu. Niliona uso wa mtu anayeogopa jambo jingine. Nina mpaka saa 1 asubuhi. Nisaidieni.

Kiboko_ya_Zamani · saa 3:51 usiku

Mwalimu, unafikiri sana. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Viboko sita, paredi, barua kwa mzazi, kesi imekwisha.

BodaMjini · saa 3:55 usiku

Dada hiyo `ov2.5` ilikuwa ya mechi gani? Mimi Jumamosi timu moja tu imenichania mkeka wa laki tatu.

Ticha_Arua · saa 3:57 usiku

@BodaMjini kaka yangu, sikuuliza hilo. 😅

Mlezi_Mbale · saa 4:10 usiku

Ticha, nimekuwa mwalimu mlezi wa wavulana kwa miaka 12, na kesi za namna hii nimezishika nyingi kuliko za sigara. Angalia tena ule ukurasa. Mchezaji wa kawaida haandiki majina ya wenzake. Huyo M. ni mkusanyaji. Wasio na simu wanampa pesa na kumtajia timu, yeye anaweka kwa jina moja kwenye simu moja, na mara nyingi anakata shilingi mia kwa kila mtu. Maana yake pesa za watu kumi na moja zimepita mkononi mwake, na pengine hazikufika zilikotakiwa kufika. Hofu uliyoiona usoni mwake ni ya wadai.

Ukurasa ule ukisomwa paredi, kila anayemdai atajua saa hiyohiyo kwamba simu imekwenda na pesa imekwenda. Watamfikia bwenini kabla yako. Mwaka mmoja nilichelewa kulielewa hilo, kijana akavunjwa jino usiku uleule. Mpelekee dipyuti sababu hiyo, usimpelekee maneno ya huruma. Mwambie ni suala la usalama wa bweni.

@Kiboko viboko vimekatazwa shuleni kisheria tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Hata kama vingeruhusiwa, vingelipa deni la nani?

Kiboko_ya_Zamani · saa 4:14 usiku

Sawa, lakini mtoto asiyeogopa kitu hujifunza lini? Umri halali wa kubeti Uganda ni miaka 25. Huyu ana 16. Tukimbembeleza tunamfundisha kwamba sheria ni maneno.

Mlezi_Mbale · saa 4:22 usiku

Miaka 25 ni kweli, ipo katika Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016. Lakini fikiria inasema nini. Mtu mzima mwenye simu iliyosajiliwa ndiye aliyefungua ile akaunti. Kuna kaka, mjomba, mwenye kioski au boda nyuma ya kila simu ya namna hii. Hao hawatasimama paredi kesho. (Na kwa hesabu hiyohiyo ya 25, walimu wetu wawili waliotoka chuo mwaka jana nao hawaruhusiwi, na Jumamosi mchana nawaona wanakodolea simu kwenye staffrumu.)

Adhabu ya simu iendelee kama sheria ya shule inavyosema, sibishani na hilo. Simu ichukuliwe, arudishiwe mzazi au mlezi. Ninachokataa ni kubeti kugeuzwa mchezo wa kuigiza mbele ya watoto 800.

Ticha_Arua · saa 4:30 usiku

Basi niambie nianzie wapi. Nikimwita na kumuuliza "unabeti?" atasema hapana, simu si yangu, daftari niliazimwa.

Mlezi_Mbale · saa 4:49 usiku

Usimuulize hivyo. Ukiuliza kama anabeti, jibu lolote atakalotoa linamhukumu, kwa hiyo atadanganya, na akishadanganya atalazimika kuulinda uongo wake wiki nzima. Muulize kuhusu pesa. Mimi huanza na: "Wiki hii kuna mtu anakudai?" Halafu ninanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu walimu.

Usimwite ofisini. Mtoto akiitwa ofisini baada ya simu kukamatwa, darasa zima linahesabu dakika. Mpe kazi ya kukusaidia kubeba vitabu, mtembee, msikilize mkiwa mnatazama mbele, msitazamane uso kwa uso. Mwambie mapema jambo moja ambalo huwezi kulificha: kama kuna anayetaka kumuumiza, au kama yeye mwenyewe anafikiria kujiumiza, utamwambia mtu mwingine siku hiyohiyo. Usimwahidi siri kamili halafu ukaivunja.

Mambo mawili usiyaguse. Simu usiifungue wala usisome ujumbe wake. Ukishaipekua, umekuwa mpelelezi na hatakuambia kitu tena. Pili, usimwombe majina. Unayo kumi na moja kwenye daftari, lakini akikutajia hata moja, bwenini yeye ndiye msaliti.

Hesabu_Jinja · saa 5:05 usiku

Naingia kama mwalimu wa Hesabu. Hawa watoto hawajui tu uwezekano. Waonyesheni namba, wataacha. Chukua mkeka wa timu nane, kila timu odi 1.5. Zidisha 1.5 mara nane, unapata karibu 25.6. Kwa hiyo buku moja linaahidi 25,600 na mtoto anaona utajiri. Lakini timu ya odi hiyo, ukitoa faida ya mwenye kampuni, inashinda kama mara 5 katika 8. Zote nane zishinde pamoja ni kama mara 1 katika 43. Kwa hesabu ya muda mrefu, kila 1,000 inarudi kama 600. Mwezi mmoja wa somo hili na kubeti kumekwisha.

Baba_Busia · saa 5:12 usiku

Mwanangu alipata D1 ya Hesabu PLE. Ada ya muhula wa pili niliituma kwa simu kwake ailipe, kwa sababu nilikuwa safarini upande wa pili wa mpaka. Haikufika shule. Alijua hizo namba zote, alinichorea mwenyewe jedwali baadaye. Akaniambia, "Baba, nilikosa kwa timu moja, mara tatu mfululizo." Alikuwa anasema hivyo kama mtu anayeonyesha cheti.

Hesabu_Jinja · saa 5:31 usiku

@Baba_Busia pole sana mzee. Maneno yako yamenifanya nirudi kwenye karatasi, na nadhani nilikuwa nimeishika nusu tu.

Kwenye mkeka uleule wa timu nane, kushinda zote ni kama asilimia 2. Lakini kushinda saba na kukosa moja ni kama asilimia 11. Maana yake "nimekosa kwa timu moja" hutokea karibu mara tano zaidi ya kushinda. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba amekaribia, na amekaribia tena, na tena. Anadhani anakaribia kujua. Kumbe hivyo ndivyo mkeka mrefu ulivyo, hata kwa mtu anayechagua timu akiwa amefumba macho. Hiyo "timu moja imenichania" ya @BodaMjini haina laana wala uchawi.

BodaMjini · saa 5:34 usiku

Mwalimu umenigusa. Mimi nina miaka minne "nakosa kwa timu moja".

Hajati_Bombo · saa 5:50 usiku

Asalaam aleykum. Mimi ni metroni, si mwalimu. Walimu huona simu, sisi tunaona masanduku. Mtoto anayebeti sana simjui kwa mpira, maana wote wanapenda mpira. Namjua sukari yake inapokwisha wiki ya pili, blanketi zuri linapohamia kitanda cha mwenzake, na anapoanza kuniomba nimpokelee pesa kwenye laini yangu. Na wasichana wapo, msijidanganye. Kwangu walikuwa wanabeti ule mchezo wa ndege inayopaa halafu inatoweka, kwa sababu hauhitaji kujua timu yoyote na unakwisha kwa sekunde. Ule ni mbaya kuliko mpira. Mkeka wa Jumamosi unasubiri Jumamosi, ndege haisubiri.

Ticha mwanangu, muulize metroni wenu leo hii kama M. bado ana blanketi.

Ticha_Arua · Jumatano, saa 8:15 mchana

Nimerudi. Dipyuti nilimkuta saa 12:30 akinywa uji. Nilimwambia kama Mlezi alivyoandika: ukurasa ukisomwa, kijana atapigwa usiku na sisi tutaandika taarifa. Alikaa kimya, akaniambia, "Una wiki moja, na simu inabaki kwangu." Paredi akazungumzia ufagio wa madarasa.

Blanketi halipo. Hajati, mungu akubariki.

M. alinibebea vitabu mpaka kwenye mwembe. Nilimuuliza kama kuna anayemdai. Alitembea kama hatua ishirini bila kujibu, kisha akasema "darasa zima". Kumbe yeye ndiye aliyepewa pesa za pampleti za Biolojia, watu 31, shilingi 1,000 kila mmoja. Wiki ya kwanza alichukua 3,000 humo, akiwa na hakika ya kuzirudisha Jumatatu. Zilipopotea akaweka 6,000 ili arudishe 3,000. Kisha 12,000. Kisha 10,000 iliyobaki. Jumla 31,000, Jumamosi nne tu. Na juu ya hapo kuna mwenzake aliyeweka 500 kwake, timu zake zikashinda, akatakiwa kupata 8,500, na M. akaitumia ileile kufukuzia hasara. Huyo ndiye aliyechukua blanketi.

Simu ni ya mjomba wake, boda. Mjomba anakata elfu mbili kila Jumamosi.

Hakulia. Mimi nilikaribia kulia. Sasa nataka kumpa hiyo 39,500 alipe watu, tuanze upya. Mshahara umeingia.

Mlezi_Mbale · saa 8:40 mchana

Ticha, moyo wako ni mzuri, lakini usimpe pesa mkononi. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu kwa wiki nne kichwa chake kimejifunza jambo moja: pesa ikiwepo, kuna njia ya kuifanya iwe nyingi kabla ya Jumatatu. Ukimpa 39,500 leo Jumatano, unampa siku tatu za kuteseka nayo. Nimewahi kulipa mimi, mara mbili kwa kijana mmoja. Ya pili ilikwenda palepale ilikokwenda ya kwanza.

Deni la pampleti lipeleke kwa mwenye mashine ya fotokopi. Mlipe wewe au shule, pampleti zitoke, watoto 31 wapate karatasi zao na hakuna atakayejua lolote. M. akulipe wewe kidogokidogo, kiasi anachoweza kweli. Ana poketi mani kiasi gani?

Ticha_Arua · saa 8:52 mchana

Elfu tano kwa wiki, mama yake anatuma kwa mwenye kantini.

Mlezi_Mbale · saa 9:03 mchana

Basi 2,000 kwa wiki, mwenye kantini akukabidhi moja kwa moja, kwa ridhaa ya M. Wiki kumi na sita, itavuka muhula. Ni ndefu, na iwe ndefu. Muandike kwenye karatasi mbili, moja akae nayo. Mtoto mwenye deni lenye mwisho hulala. Asiye na mwisho ndiye anayetafuta mkeka.

Hajati_Bombo · saa 9:20 mchana

Na ile 8,500? Mimi nasema asilipe. Ni kamari. Mwenzake alitoa 500, arudishiwe 500 na atoe blanketi la watu.

Kiboko_ya_Zamani · saa 9:26 mchana

Hapo Hajati umepatia. Tukimlipisha 8,500 shule inakuwa ofisi ya kulipa washindi.

Baba_Busia · saa 9:41 mchana

Mimi sikubali. Kwa macho ya yule mtoto, M. amemwibia 8,500. Mkimpa 500 ataona watu wazima wamemsaidia mwizi. Kesi ya mwanangu ilitushinda hapohapo: tulimlinda yeye tukamsahau aliyedhulumiwa, na chuki ikabaki darasani mwaka mzima.

Mlezi_Mbale · saa 10:02 jioni

Hapa sina jibu safi. Nimefanya yote mawili kwa nyakati tofauti na yote mawili yamewahi kuharibika. Ninachojua ni kwamba blanketi lirudi leo, kabla ya mazungumzo ya pesa, na wewe Ticha uwakalishe wawili hao bila mtu wa tatu. Yule mwenye kudai naye ni mtoto anayebeti. Mazungumzo ya mwembe yanamhusu na yeye.

Ticha_Arua · saa 10:10 jioni

Na mzazi? Dipyuti atataka barua. M. anasema baba yake akisikia, shule ndiyo mwisho.

Mlezi_Mbale · saa 10:31 jioni

Mzazi lazima ajue, ila chagua nani kwanza na ajue nini kwanza. Mama ndiye anayetuma pesa, mpigie yeye, usimwandikie. Barua husomwa na aliye nyumbani. Mpe M. nafasi aseme mwenyewe, wewe ukiwa pembeni ya simu. Na jina la mjomba lifike kwake pia, la sivyo likizo ikifika simu itamsubiri mlangoni. Ukisikia dalili kwamba nyumbani kutakuwa na kipigo cha kuumiza, laini ya watoto ni 116, hailipiwi.

Hesabu_Jinja · Ijumaa, saa 2:15 usiku

Nimejaribu jambo leo na S.3 yangu, bila kutaja kubeti. Vifuniko vya soda vinane kwenye mfuko, vitano vyekundu, vitatu vyeupe. Kila mwanafunzi anachomoa kimoja, anarudisha, mara nane. Akipata vyekundu vyote nane ameshinda. Darasa ni la 60. Waliopata vyote: mmoja. Waliopata saba: wanane. Nilikuwa nimetarajia sita au saba.

Kosa langu: yule mmoja alishangilia na darasa zima likataka kurudia. Kengele ingelia hapo ningekuwa nimewafundisha kubeti kwa pesa ya serikali. Bahati nzuri lilikuwa somo la vipindi viwili. Nikampa kila mtu maharage 10, kila raundi harage moja, mshindi analipwa 25. Raundi ya kumi walioishiwa walikuwa wengi mno, na wale "nimekosa kwa kimoja" niliwaandika ubaoni. Ubao ulijaa. Kijana mmoja wa nyuma akasema polepole, "Kwa hiyo kukaribia si kukaribia." Sikumuuliza amejuaje.

BodaMjini · saa 2:20 usiku

Mwalimu hayo maharage niletee na mimi stejini.

Mlezi_Mbale · saa 2:38 usiku

Nzuri, ila usiifanye wiki ambayo mtoto amekamatwa. Wote watamgeukia.

Ticha_Arua · Jumapili, saa 1:20 usiku

Blanketi limerudi. Pampleti zimetoka Alhamisi, wanalalamika kwamba kurasa mbili hazisomeki. Mama alipokea simu, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama mwanawe anakula. Mjomba sijui alichoambiwa.

Wale wawili niliwakalisha jana. Nilikwenda nikiwa na 500 ya Hajati mkononi na bado sijaamua kuhusu nyingine. Mwenzake aliitazama ile 500, akasema hataki, anataka M. aseme mbele yake kwamba timu zilishinda. M. akasema. Basi, wakaondoka. Sijui kama 8,500 imesamehewa au imeahirishwa, na sikuuliza.

Jana saa za mechi M. alikuja kuniomba kazi. Nilimpa madaftari ya S.1 ayapange kwa majina. Aliyapanga, akayapanga tena, mpaka saa 3.